Kuandika rekodi ya kuungua kwa mafuta ya kukaangia katika kantini ya wafanyakazi: huduma ya kwanza, hali ya mashine na fomu

Mpishi anapomwagikiwa na mafuta ya moto, vitu viwili huanza kupotea papo hapo. Cha kwanza ni joto lililobaki ndani ya ngozi, na hilo tunataka lipotee haraka iwezekanavyo. Cha pili ni ushahidi. Mafuta yanapoa, mtu anapiga deki, mwingine anafunga koki, na zamu ya jioni inataka mashine. Saa mbili baadaye kinachobaki ni sentensi moja kwenye kitabu cha ajali: "Aliungua mkono na mguu kwa mafuta, alipewa huduma ya kwanza." Daktari hawezi kuitumia sentensi hiyo, fundi haimsaidii, na ofisa wa kazi akiisoma hajui mashine ilikuwa katika hali gani.

Mwongozo huu unafuata ajali ya aina moja tangu dakika ya kwanza hadi mashine inaporudishwa kazini: mafuta kumrukia mtu wakati wa kuyatoa kwenye mashine ya chipsi kupitia koki ya chini. Mfano wetu umewekwa Mombasa, katika kantini ya kiwanda inayoendeshwa na kampuni ya upishi iliyopewa kandarasi. Tukio lenyewe tumeliunda kwa ajili ya mwongozo, lakini kila kipande chake ni cha kawaida jikoni.

Mashine ni ya umeme, ya kusimama sakafuni, tangi moja la lita 16. Imezimwa saa 8:10 mchana baada ya chakula cha mchana. Saa 8:30 mpishi msaidizi anaanza kutoa mafuta ili ayachuje kabla ya zamu ya jioni. Amekinga sufuria mbele ya koki. Koki inafunguka lakini mafuta hayatoki, kwa kuwa makombo yameziba mdomo wa ndani. Anaiacha wazi, anachukua fimbo ya chuma na kuchokoa kutoka juu. Saa 8:35 kizibo kinaachia ghafla, mafuta yanatoka kwa nguvu, yanagonga ukingo wa sufuria na kumrukia mkono wa kulia na mguu wa kulia.

Dakika ya kwanza: gawaneni kazi

Mtu mmoja anakwenda kwa majeruhi, mwingine kwa mashine. Mkiwa wawili tu jikoni, majeruhi kwanza, ila anayempeleka kwenye bomba apige kelele ya kuitisha msaada. Anayekwenda kwenye mashine hufanya mambo matatu tu: anazima swichi kuu ya ukutani, anafunga koki ikiwa mafuta bado yanamwagika na anaweza kuifikia bila kukanyaga mafuta, na anazuia watu wasipite. Akiifunga koki, akumbuke ilikuwa imefunguka kiasi gani na aseme hivyo baadaye kwenye rekodi. Hilo ndilo badiliko pekee linaloruhusiwa kabla ya kupiga picha.

Kama mafuta yamewaka, maji hayatumiki kabisa. Yakigusa mafuta ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha yakiwa yanawaka. Tumia kizimamoto cha daraja F, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kupikia. Moto ukishazimika usiyaguse, maana mafuta bado yana joto la kuweza kuwaka tena.

Huduma ya kwanza, na saa ukutani

Mafuta huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka kwa sababu mbili. Joto la kukaangia ni karibu nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, wakati maji hayapiti 100. Isitoshe mafuta ni mazito, yananata kwenye ngozi na kulowa ndani ya nguo, kwa hiyo yanaendelea kuunguza hata baada ya mtu kuruka pembeni. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuvua. Vua kiatu, soksi, aproni au shati lililolowa mafuta, pamoja na saa, bangili na pete, kabla vidole havijavimba. Kitu kilichogandamana na ngozi kiache palepale. Kata kitambaa kukizunguka.

Kisha maji baridi ya bomba yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili. Hapa ndipo huduma nyingi huharibika. Watu humwagia maji dakika mbili tatu, majeruhi anasema amepata nafuu, wanaacha. Nafuu hiyo ni ya juu tu. Anza kuhesabu maji yanapogusa jeraha na uandike saa, hata kwa kalamu kwenye mkono wako. Kama mtu amecheleweshwa, kupoza bado kuna faida ndani ya saa tatu tangu aungue.

Jambo la Pwani linalosahaulika: maji ya tangi lililoko juu ya paa mchana yanaweza kutoka bombani yakiwa ya moto. Fungua bomba, yajaribu kwa mkono wako, uyaache yatiririke mpaka yapoe, au tumia maji safi ya ndoo iliyokuwa kivulini, ukimwagia kwa jagi mfululizo. Barafu usitumie. Hubana mishipa ya damu na kuliongezea jeraha madhara. Usisugue ngozi ili kuondoa utelezi wa mafuta. Maji yatapoza hata kama yanateleza juu yake. Ikiwa eneo lililoungua ni kubwa, poza jeraha lakini mfunike mwili uliobaki asipate baridi.

Dawa ya meno, yai, unga, asali, chumvi, siagi na mafuta ya kujipaka visiguse jeraha. Vinashikilia joto au kuleta uchafu, na vyote humlazimisha muuguzi kuanza kwa kusafisha kidonda chenye maumivu ili aone kilichopo. Ikiwa mtu ameshapaka kitu kabla hujafika, kiandike kwa jina lake. Daktari anahitaji kujua.

Baada ya dakika 20, funika kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula. Tupa mzunguko wa kwanza wa roli, kisha laza kipande juu ya jeraha kwa urefu. Usiuzungushe mkono au mguu kama bendeji, kwa sababu utavimba na nailoni itaukaza. Nailoni haishiki kidonda na inamwezesha daktari kuona bila kufungua. Kama hakuna, kitambaa safi kisicho na nyuzinyuzi kinatosha. Malengelenge usiyapasue. Inua kiungo. Paracetamol inaweza kutolewa kwa anayeweza kumeza na asiye na mzio nayo. Andika kiasi na saa.

Apelekwe hospitali ikiwa ameungua uso, mkono, mguu, kiungo kinachokunjika au sehemu za siri. Ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe. Ikiwa limezunguka kidole au mkono mzima. Au ikiwa ngozi ni nyeupe, ya kahawia kama ngozi iliyokaushwa, au haina hisia. Mafuta yakiingia jichoni, suuza na umpeleke mara moja. Mpishi wetu ameungua mkono na mguu, kwa hiyo anakwenda hospitali bila mjadala, hata kama jeraha linaonekana dogo. Aulizwe pia alichanjwa pepopunda lini, na jibu liandikwe.

Kuandika jeraha bila kujifanya daktari

Kitabu cha ajali hakihitaji uandike "daraja la pili". Kina cha jeraha la moto hubadilika katika saa 48 hadi 72 za mwanzo, na ukikisia kimakosa rekodi yako itapingana na ya hospitali. Andika unachokiona: mahali, ukubwa, sura ya ngozi, hisia.

Kwa mahali, taja upande na sehemu kamili. "Mkono" peke yake unaweza kuwa kuanzia bega hadi kidole. Andika "mgongo wa kiganja cha kulia hadi kifundo" na "juu ya mguu wa kulia, kuanzia vidole hadi karibu na kifundo". Kwa ukubwa, tumia kiganja cha majeruhi mwenyewe pamoja na vidole vyake vikiwa vimebanwa: eneo hilo ni kama asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili. Kiganja chako wewe hakifai kama ni kikubwa kuliko chake. Ngozi iliyobadilika rangi tu bila lengelenge kwa kawaida haihesabiwi katika asilimia ambazo hospitali hutumia, kwa hiyo iandike peke yake.

Vitabu vingi vya huduma ya kwanza husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa, na mtu akaandikiwa "hakuna jeraha" wakati lipo. Tazama ngozi iliyokoza zaidi au kung'aa kuliko ya upande wa pili, uvimbe, joto ukikaribisha mgongo wa mkono wako bila kugusa, na malengelenge. Pale ngozi ya juu ilipobambuka, andika rangi ya chini yake: waridi yenye unyevu, au nyeupe na kavu. Uliza kama panauma. Sehemu isiyouma katikati ya sehemu zinazouma ni habari muhimu kuliko kelele ya maumivu.

Picha ya jeraha ina msaada, lakini ni taarifa ya afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaihesabu kuwa nyeti. Omba ruhusa, usichukue uso, itumie kwa anayehusika na faili tu. Isiende kwenye kundi la WhatsApp la jikoni.

Mashine: ishike ilivyo

Wakati maji yanatiririka kwenye mkono wa majeruhi, mtu wa pili ana dakika 20 zake. Swichi kuu ya ukutani iwe imezimwa, ifungwe kwa kufuli kama ina tundu la kufuli, na ibandikwe lebo: USITUMIE – AJALI, tarehe, saa, jina la aliyefunga. Kisha apige picha kabla ya kugusa chochote. Picha ya kwanza iwe ya mbali, ionyeshe mashine, sufuria, sakafu na mahali mpishi aliposimama. Zinazofuata zikaribie: mpini wa koki, mdomo wa kutolea, ndani ya tangi, alama ya kimo cha mafuta, vitufe vya mbele. Weka rula au kitu chenye kipimo kinachojulikana pembeni.

Sakafu hueleza mengi. Umbo la mafuta yaliyomwagika linaonyesha yalitokea upande gani na yaliruka umbali gani, na ndicho kitu cha kwanza kufutwa. Piga picha, pima umbali kutoka mdomo wa koki hadi tone la mbali, ndipo mwage mchanga mkavu ili watu wasiteleze.

Sasa joto. Chukua kipimajoto cha kuchoma, kile kile cha kupimia nyama kikiwa kinafika nyuzi 200 au zaidi, ukitumbukize katikati ya mafuta yaliyobaki bila kugusa hita wala ukuta wa tangi. Rangi ya mafuta au mvuke havithibitishi kitu. Mafuta ya nyuzi 140 yanaweza kuonekana yametulia kabisa. Andika nyuzi na saa. Pima tena nusu saa baadaye.

Vipimo viwili ndivyo vinavyojibu hoja itakayokuja tu: "mafuta yalikuwa yameshapoa". Katika mfano wetu saa 8:46 mafuta yalikuwa nyuzi 142, na saa 9:16 yalikuwa 124. Yamepungua nyuzi 18 kwa dakika 30, yaani 0.6 kwa dakika. Ukirudi nyuma dakika 11 hadi saa 8:35, unaongeza karibu nyuzi 7, unapata 149. Kwa kuwa kitu cha moto zaidi hupoa haraka zaidi, joto halisi la wakati wa ajali halikuwa chini ya hapo. Kwenye rekodi andika vile vipimo viwili kama vipimo, na 149 kama hesabu. Usivichanganye.

Koki yenyewe iangaliwe hivi. Mpini ukiwa sambamba na bomba, koki iko wazi, ukikingama, imefungwa. Je, pini au kishikio cha kuzuia mpini usisogee wenyewe kipo? Je, bomba fupi la nyongeza linaloelekeza mafuta chini kwenye chombo limefungwa, au mafuta yanatoka mbele moja kwa moja? Kuna mafuta makavu yaliyoganda kuzunguka shina la koki, dalili kuwa imekuwa ikivuja kwa muda? Kwenye mashine ya mfano wetu pini haikuwepo na bomba la nyongeza halikuwepo. Ndiyo maana mafuta yaligonga ukingo wa sufuria badala ya kushuka ndani yake. Makombo yaliyoziba yasitolewe na mtu wa jikoni. Yaachwe mpaka fundi ayaone.

Rekodi vifaa vya kujikinga katika sehemu mbili: alichovaa, na kilichokuwepo. Mpishi alivaa viatu vya plastiki vyenye matundu juu na hakuwa na glavu. Glavu ndefu za kuhimili mafuta zilikuwepo, jozi moja, ndani ya stoo iliyofungwa. Ukiandika "hakuvaa glavu" ukaishia hapo umemtupia lawama mtu kwa kitu alichofungiwa kwa kufuli. Kiatu kiwekwe kwenye mfuko wenye lebo. Matundu yake yanaeleza kwa nini jeraha la mguu lina madoa.

Halafu fungua daftari la matengenezo na upige picha ukurasa wa mwisho pamoja na ukurasa wowote unaotaja koki. Tafuta pia kwenye kundi la WhatsApp la jikoni. Malalamiko ya hitilafu mara nyingi hukaa huko tu: "koki ya chipsi inasumbua tena", na jibu "sawa, fundi atakuja". Hifadhi picha ya skrini ikionyesha tarehe. Mashine iliyoripotiwa wiki kadhaa nyuma na mashine iliyoharibika siku hiyohiyo ni ajali mbili tofauti kabisa mbele ya sheria, hata kama jeraha ni lilelile.

Maneno ya majeruhi na ya walioona

Usimhoji mtu akiwa chini ya bomba. Muulize tu kinachohitajika kwa matibabu. Maelezo yachukuliwe akiwa ametulizwa maumivu, kwa lugha anayoizungumza, hata kama fomu ni ya Kiingereza. Andika maneno yake, msomee, mwache arekebishe. Swali zuri ni "eleza ulichofanya tangu ulipozima mashine". Swali baya ni "kwa nini hukusubiri yapoe?", kwa sababu limeshatoa hukumu.

Lakini swali la kwa nini mafuta yalitolewa yakiwa moto lazima liulizwe, na lielekezwe kwenye ratiba. Tangi la mafuta lililozimwa huchukua saa kadhaa kupoa hadi nyuzi 40, ambapo ni salama kuyashika, na huchelewa zaidi likiwa na kifuniko. Kantini yetu ilikuwa na mashine moja, chakula cha mchana kikiisha saa 8 na mashine ikitakiwa tena saa 10 jioni. Kwa ratiba hiyo hakuna mpishi angeweza kuchuja mafuta yaliyopoa. Sentensi hiyo iwemo kwenye rekodi, pamoja na nakala ya ratiba.

Mkono wa kulia umeungua na mtu huandika kwa kulia? Asaini kwa kushoto au aweke dole gumba la kushoto, na shahidi aandike sababu pembeni. Asisainishwe karatasi yoyote ya kukiri kosa, wala asaini kitu ambacho hajasomewa.

Saa ziandikwe namna moja

Hapa pana mtego kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili na kujaza fomu za Kiingereza. "Saa 8:35" ya mpishi ikihamishwa ilivyo kwenye fomu inakuwa asubuhi, kabla zamu haijaanza, na dai linaonekana la uongo. Katika rekodi yote tumia saa 24: saa 8:35 mchana ni 14:35. Maelezo ya mashahidi yabaki walivyosema, na wewe ongeza saa 24 kwenye mabano. Linganisha pia saa ya ukutani na saa ya simu iliyopiga picha, uandike tofauti kama ipo.

Ingizo la kwanza kwenye kitabu linaweza kusomeka hivi:

14:10 Mashine ya chipsi namba 1 yazimwa na mpishi msaidizi. 14:30 Aanza kutoa mafuta kwa koki. 14:35 Koki ikiwa wazi kabisa, kizibo cha makombo chaachia wakati akichokoa kwa fimbo kutoka juu. Mafuta yamrukia mgongo wa kiganja cha kulia hadi kifundo na juu ya mguu wa kulia. 14:36 Swichi kuu yazimwa, koki yafungwa na mpishi wa zamu. 14:37 Kiatu na saa ya mkononi vyavuliwa. Maji ya bomba yaanza. 14:46 Mafuta kwenye tangi nyuzi 142. 14:57 Maji yasimamishwa. Malengelenge mawili mgongo wa kiganja, ngozi imebambuka juu ya mguu, chini yake waridi yenye unyevu, panauma. Jumla ya eneo lenye malengelenge au lililobambuka ni kama viganja viwili vyake. Hakupakwa kitu. Nailoni yawekwa. 15:02 Paracetamol miligramu 1,000. 15:10 Aondoka kwa gari kwenda hospitali akisindikizwa. 15:16 Mafuta nyuzi 124.

Hakuna neno "uzembe", "bahati mbaya" wala "kidogo". Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka chini yake, andika sahihi, weka saini fupi na tarehe. Usifute kwa rangi nyeupe.

Nani ataarifiwe, na lini

Katika Kenya sheria mbili za 2007 zinahusika: Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, inayojulikana kwa kifupi WIBA. Ajali ya kuumiza isiyo ya kifo hutolewa taarifa ya maandishi kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba. Mtu akifariki, taarifa ya kwanza hutolewa ndani ya saa 24. Fomu inayotumika ni DOSH/WIBA 1, ambayo ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Siku saba hazingoji mpishi apone wala uchunguzi uishe. Jaza unachokijua, sehemu ya daktari ifuate. Mwajiri ndiye anayebeba gharama za matibabu, na mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi ana haki ya malipo ya kipindi hicho, kwa hiyo hesabu ya siku za kutokuwepo kazini lazima iwe sahihi tangu siku ya kwanza.

Katika kantini ya kandarasi swali gumu ni nani mwajiri. Anayemlipa mpishi ni kampuni ya upishi, na ndiyo inayojaza fomu. Lakini mashine inaweza kuwa mali ya kiwanda, umeme ni wa kiwanda, na fundi huitwa na kiwanda. Andika majina yote mawili katika nafasi zake: mwajiri, mwenye jengo, mwenye mashine, anayewajibika kwa matengenezo kwa mujibu wa mkataba. Kila upande ubaki na nakala. Rekodi iliyoko kwa mkandarasi tu huondoka naye mkataba wake ukiisha.

Kwa wasomaji wa Tanzania utaratibu wa eneo la ajali ni huohuo, ila taarifa ya fidia huenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na upande wa usalama uko chini ya OSHA ya huko.

Mpaka mashine irudi

Mafuta yakifika chini ya nyuzi 40, fundi aitoe koki mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi na wa kiwanda. Apige picha makombo kabla ya kuyatoa. Koki iliyotolewa isitupwe: ifungwe, iwekewe lebo na ihifadhiwe hadi shauri la fidia liishe. Fundi aandike alichokuta kando na alichokarabati, kwa sababu "koki imebadilishwa" haielezi kama ya zamani ilikuwa mbovu. Apime pia themostati na kizuia joto kupita kiasi. Katika ajali hii havikuhusika, lakini mashine iko wazi tayari na hakuna anayejua vilipimwa lini.

Ingizo la hospitali liongezwe mpishi akirudi na karatasi yake, na jingine baada ya uchunguzi wa siku ya pili au ya tatu, pale kina cha jeraha kinapoonekana vizuri. Kama daktari ameandika kazi nyepesi, taja ni ipi: jikoni, kukata mboga kwa mkono wenye kidonda si kazi nyepesi, na kusimama karibu na jiko kwa ngozi mpya ni maumivu.

Lebo ya USITUMIE itolewe na aliyeiweka, baada ya kuona pini ya mpini na bomba la nyongeza vimefungwa, glavu na fimbo ya kusafishia vimetundikwa pembeni mwa mashine, na ratiba mpya imebandikwa ukutani ikionyesha mafuta yanatolewa asubuhi kabla ya kuwasha. Ingizo la mwisho liwe na tarehe, saa, kipimo cha joto la mafuta siku ya kwanza ya kutoa kwa ratiba mpya, na saini mbili: ya mpishi wa zamu na ya mwenye mashine.